Mchoro wa Kasi na Wakati

Gari lipitapo katika barabara ya vumbi huacha alama za magurudumu. Alama hizo zaonyesha njia liliyopita, lakini hazionyeshi ni wapi lilikwenda mbio na ni wapi lilikwenda pole. Uko mchoro mwingine uonyeshao jambo hilo, nao huitwa grafu ya kasi na wakati. Ni mistari michache tu juu ya karatasi, lakini ajuaye kuisoma hupata humo mambo mawili ambayo hayakuandikwa: jinsi gari lilivyozidisha au kupunguza kasi yake, na umbali wote liliokwenda. La kwanza hupatikana katika mteremko wa mstari. La pili hupatikana katika eneo lililo chini yake.

Kasi ni umbali upitwao katika kila sekunde. Gari lenye kasi ya mita 20 kwa sekunde hupita mita 20 kila sekunde moja ipitapo. Saa ya mwendo iliyo mbele ya dereva ingeonyesha kilometa 72 kwa saa, maana saa moja ina sekunde 3,600, na mita 20 mara 3,600 ni mita 72,000.

Basi mwanafunzi na atwae karatasi ya miraba, achore mstari wa kulala na mstari wa kusimama, ikutane katika pembe ya chini upande wa kushoto. Juu ya mstari wa kulala na aandike wakati, kila sentimita moja iwe sekunde 2. Juu ya mstari wa kusimama na aandike kasi, kila sentimita moja iwe mita 2 kwa sekunde. Sasa safari ya gari ni hii. Gari limesimama, dereva aliondoa, na kwa muda wa sekunde 10 kasi yake yazidi sawasawa mpaka kufika mita 20 kwa sekunde. Laenda kwa kasi hiyo hiyo sekunde 15. Kisha dereva akanyaga breki, na baada ya sekunde 4 limesimama tena. Katika karatasi utaonekana mstari upandao, kisha mstari ulalao, kisha mstari ushukao upesi mpaka chini, kwenye sekunde ya 29.

Kwanza ni mteremko. Katika hesabu neno hili hutumika hata kwa mstari upandao. Maana yake ni kadiri mstari unavyoinuka au kushuka kwa kila hatua ya kwenda mbele. Ili kuupata, mtu huchagua vituo viwili juu ya mstari mmoja ulionyoka, hutafuta tofauti ya kasi, kisha huigawanya kwa tofauti ya wakati. Katika sehemu ya kwanza kasi ilitoka 0 ikafika 20, na wakati ulitoka 0 ukafika 10. Ishirini kwa kumi ni 2. Maana yake, kila sekunde iliyopita iliongeza kasi ya gari kwa mita 2 kwa sekunde. Ongezeko hilo huitwa mchapuko, nalo husemwa hivi: mita 2 kwa sekunde, kwa kila sekunde. Neno sekunde limetajwa mara mbili, wala si kosa: la kwanza ni la kasi yenyewe, na la pili ni la muda ambao kasi hiyo ilibadilika.

Katika sehemu ya pili mstari umelala, haupandi wala haushuki. Kwa hiyo mchapuko ni 0. Hapa wengi hukosa, husema gari limesimama. Lakini urefu wa mstari juu ya karatasi ndio kasi, na mstari huu u juu, penye 20. Gari laenda mbio, ila kasi yake haibadiliki. Gari lililosimama huonekana pale tu ambapo mstari unagusa ule mstari wa chini, wa wakati.

Katika sehemu ya tatu kasi ilitoka 20 ikafika 0 katika muda wa sekunde 4. Tofauti ni 20 iliyopungua, na kwa 4 ni 5. Kwa kuwa kasi imepungua, jibu huandikwa na alama ya kutoa: –5. Kosa jingine huonekana hapa. Penye sekunde ya 27 kasi ni 10, na mwanafunzi mwenye haraka hugawanya 10 kwa 27. Hesabu hiyo haina maana, kwa sababu breki hazikuanza penye sekunde ya 0. Zilianza penye sekunde ya 25. Ni lazima kugawanya tofauti kwa tofauti: kasi imepungua 10 katika sekunde 2, ndiyo –5, sawa na jibu la kwanza.

Pili ni eneo. Ni rahisi kuanza na mstari ulalao. Gari lilikwenda mita 20 kila sekunde kwa sekunde 15, basi lilikwenda mita 300. Lakini 20 ndio urefu wa mstatili ulio chini ya mstari, na 15 ndio upana wake. Kwa hiyo kuzidisha kasi kwa wakati ni kulekule kupata eneo la mstatili.

Je, chini ya mstari upandao? Kasi haikai mahali pamoja, haiwezekani kuzidisha mara moja tu. Hapa yafaa kuikata safari vipande vya sekunde moja moja. Katika sekunde ya kwanza kasi ilitoka 0 ikafika 2. Kasi ya katikati ni 1, nalo gari lilikwenda mita 1. Katika sekunde ya pili ilitoka 2 ikafika 4. Kasi ya katikati ni 3, nalo likaenda mita 3. Sekunde ya tatu ni mita 5, ya nne ni mita 7, na kuendelea hivyo hivyo mpaka ya kumi, ambayo ni mita 19. Zikijumlishwa zote, 1 na 3 na 5 na 7 mpaka 19, ni mita 100 kamili. Sasa na lipimwe eneo la pembetatu: kitako chake ni 10, kimo chake ni 20, na nusu ya 10 mara 20 ni 100. Njia mbili zimekutana.

Jambo hili lilijulikana zamani. Karibu na mwaka 1350 Nicole Oresme, mwanachuoni wa Ufaransa, alichora kasi kwa mistari ya kusimama juu ya mstari wa wakati, akaonyesha kwamba eneo la umbo lile ni umbali uliopitwa. Na Galileo, Mwitalia, katika kitabu alichotoa mwaka 1638, alithibitisha kwamba kitu kinachozidisha kasi yake sawasawa kutoka mahali kilipotulia hupita umbali ufuatao hesabu za 1, 3, 5, 7 katika vipindi vilivyo sawa.

Pembetatu ya mwisho, ya breki, ina kitako cha 4 na kimo cha 20. Nusu yake ni 40. Basi safari yote ni mita 100, na 300, na 40, jumla mita 440. Atakaye kuhakikisha na ahesabu miraba ya sentimita iliyo chini ya mistari, akiunganisha vipande vilivyokatwa. Ataona 110. Lakini asiandike mita 110, kwa maana kila mraba una upana wa sekunde 2 na urefu wa mita 2 kwa sekunde, ndiyo mita 4. Mia na kumi mara 4 ni 440.

Pembetatu hiyo ya breki yastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa maisha ya watu hutegemea eneo lake. Mtoto akimbilia mpira barabarani, mita 30 mbele ya gari. Dereva hawezi kukanyaga breki mara amwonapo. Huona kwanza, hutambua, kisha huinua mguu. Ikiwa muda huo ni sekunde 1, basi katika grafu kuna mstari ulalao wa sekunde 1, ndipo mstari uanzapo kushuka kwa –5.

Gari likiwa na kasi ya mita 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa, mstatili ni mita 10. Kasi ya 10 yaisha kwa sekunde 2, basi pembetatu ni nusu ya 2 mara 10, ndiyo mita 10. Jumla ni mita 20. Gari lasimama, na kati yake na mtoto zimebaki mita 10.

Gari likiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde, mstatili ni mita 20. Kasi ya 20 yaisha kwa sekunde 4, na pembetatu ni mita 40. Jumla ni mita 60, na mtoto yuko penye 30. Kasi imezidi mara mbili tu, lakini pembetatu imezidi mara nne, kwa sababu kimo chake kimekuwa mara mbili na kitako chake pia kimekuwa mara mbili. Tena, gari lifikapo alipo mtoto limetumia mita 20 kabla ya breki, na mita 10 tu za breki. Mita hizo 10 hupitwa katika muda uzidio nusu sekunde kidogo, na grafu yaonyesha kwamba kasi wakati ule ingali mita 17 kwa sekunde, karibu kilometa 62 kwa saa. Breki zimekanyagwa, na mwendo haujapungua sana.

Mvua ikinyesha na njia ikiteleza, mteremko wa mstari huwa mdogo. Ukiwa –2½, kasi ya 20 haiishi mpaka sekunde 8. Pembetatu huwa mita 80, na umbali wote mita 100.

Hesabu hizi zafaa mistari iliyonyoka tu. Kasi ya gari halisi mara nyingi huchora mstari uliopinda. Hapo mchapuko hubadilika kila mahali, nao hupatikana kwa kuweka rula iguse mstari mahali pamoja tu, kisha kupima mteremko wa rula. Eneo hupatikana kwa kuhesabu miraba, nalo jibu ni la karibu, si kamili. Na katika grafu zote kasi iandikwe kwa mita kwa sekunde ikiwa wakati ni sekunde. Kilometa kwa saa zikizidishwa kwa sekunde hutoa hesabu isiyo umbali wa kitu chochote.

Maswali

1. Baiskeli yaanza safari kutoka mahali iliposimama, yafika kasi ya mita 6 kwa sekunde katika sekunde 12, yaenda na kasi hiyo sekunde 20, kisha yasimama katika sekunde 4. Chora grafu, utafute mchapuko wa kila sehemu na umbali wote.

2. Gari lina kasi ya mita 30 kwa sekunde. Dereva akawia sekunde 1, kisha breki zapunguza kasi kwa –5. Litasimama baada ya mita ngapi?

Majibu: (1) ½, 0 na –1½, mita 168. (2) Mita 120.