Nakala ya Bure, Lakini Toleo Lipi?

Umefungua makala ya kitaalamu mtandaoni, umemaliza ikhtisari, halafu ukurasa unakudai makumi ya dola ili uendelee. Usikate tamaa bado. Ukiweka kiongezi cha Unpaywall kwenye Chrome au Firefox, kufuli lake pembeni mwa ukurasa hugeuka kijani iwapo kuna nakala halali ya bure mahali pengine. Lisipogeuka, bandika kichwa cha makala kwenye Google Scholar, ubofye All versions. Tazama nakala iko wapi: hifadhi ya kidijitali ya chuo cha mwandishi ni mahali pa kuaminika kuliko tovuti usiyoijua.

Nakala hizo si za wizi. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka hadharani mswada wake mwenyewe, pengine baada ya miezi kadhaa ya kusubiri. Ila mswada si lazima ulingane na kilichochapwa jaridani, na hapo ndipo wengi huteleza.

Machi 2014, watafiti wa BICEP2, darubini iliyokuwa Ncha ya Kusini, waliweka mswada wa awali kwenye arXiv. Walitangaza kuona alama inayotarajiwa kuachwa na mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu. Ikhtisari ilisema kwamba hata ukiondoa makadirio ya vumbi la anga, matokeo yanabadilika kidogo tu. Juni, makala ikatoka katika Physical Review Letters. Kauli ile haikuwemo tena. Sasa waandishi walisema vumbi litashusha kipimo chao, na kwamba kiasi chake kitajulikana vizuri data mpya zikija. Aliyesoma mswada wa Machi akataja jarida la Juni amewalisha waandishi maneno waliyokwisha kuyaondoa.

Kwa hiyo andika ulichosoma: “mswada wa awali, arXiv:1403.3985v1, Machi 2014.” Ile v1 mwishoni usiiache, kwani namba ikiandikwa bila hiyo humpeleka msomaji kwenye toleo la karibuni zaidi.

Kati ya mswada wa awali na toleo la jarida upo mswada uliokubaliwa: wataalamu wameshaupitia, lakini jarida halijaupanga. Mara nyingi utaujua kwa mistari iliyoachana, picha zilizorundikwa mwisho na kurasa zinazoanzia 1. Huu unafaa kunukuliwa, ila usibuni ukurasa wa jarida. Taja kichwa cha sehemu uliyonukuu, andika “mswada uliokubaliwa”, jina la hifadhi na kiungo chake, kisha ongeza DOI ya toleo la jarida ili anayeweza kulifungua alinganishe.

Kama hoja yako yote imesimama juu ya tarakimu moja, mwandikie mwandishi barua pepe umuombe toleo la mwisho. Anwani yake mara nyingi hupatikana kwenye ukurasa wa ikhtisari, sehemu ambayo kwa kawaida haifungwi kwa malipo.