Wasifu wa Mhalifu Asiyejulikana: Duara la Kisarawe na Barabara ya Kibaha

Chukua ramani ya wilaya ya Kisarawe na kalamu. Tia nukta mahali palipovunjwa nyumba tano katika muda wa mwezi mmjoa, kwa namna inayofanana kiasi cha kuwafanya wapelelezi waamini kwamba mkono uliohusika ni mmoja. Tafuta nukta mbili zilizo mbali kuliko zote, uziunganishe kwa mstari, kisha uchore duara ambalo mstari huo ndio kipenyo chake. Je, mwizi analala ndani ya duara hilo?

Swali hili lina wenyewe. Mwaka 1986 polisi wa London walimwendea David Canter, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Surrey, kwa sababu wanawake kadhaa walikuwa wamebakwa na baadhi yao kuuawa karibu na vituo vya reli. Polisi walikuwa na orodha ya watu wapatao 2,000, waliopatikana zaidi kwa kulinganisha makundi ya damu. Canter aliyapanga matukio kwa tarehe juu ya ramani, akaona kwamba yale ya mwanzo yalikusanyika katika eneo moja na ya baadaye yalitawanyika. Akakadiria kwamba mhalifu alikaa upande wa Kilburn, ana mke lakini ndoa ina ugomvi, na ana kazi ya ufundi. John Duffy, seremala aliyewahi kuajiriwa na shirika la reli, alifanana na maelezo hayo kwa sehemu kubwa. Alihukumiwa mwaka 1988.

Msomaji na aangalie vizuri kilichofanyika hapo. Wasifu haukumtaja Duffy. Jina lake lilikuwa tayari katika orodha. Wasifu ulisaidia kulisogeza karibu na juu. Ushahidi uliomtia hatiani ulitokana na vitu kama nyuzi za nguo na kamba, yaani vitu vinavyoweza kupimwa na kuonyeshwa mahakamani.

Mwaka 1993 Canter na mwenzake Larkin walilijaribu wazo la duara kwa wabakaji 45 wa Uingereza ambao makazi yao yalikuwa yamekwisha kujulikana. Wahalifu 39 kati yao walikuwa wakikaa ndani ya duara la matukio yao. Maelezo yake si ya ajabu. Mtu hutenda pale anapopajua, penye njia alizozizoea na vichochoro vya kukimbilia. Lakini huepuka mlangoni pake kabisa, kwa kuwa huko anajulikana. Hata hivyo kanuni haikushika kila mahali. Watafiti wa Australia walipopima mwaka 1997 wavunjaji wa nyumba, karibu nusu tu walikaa ndani ya duara.

Turudi Kisarawe. Tuseme nukta mbili za mbali kabisa zimeachana kilomita 6. Nusu kipenyo ni kilomita 3, na eneo la duara ni 3.14 × 3 × 3, yaani kilomita za mraba 28 na ushei. Hapo pana mji, shamba na sehemu ya msitu, na watu maelfu. Mpelelezi hapati mtu. Anapata mpangilio wa kazi, kwamba aanze kuuliza mitaa ipi kabla ya mingine. Kwa askari wachache wenye pikipiki moja, hilo si faida ndogo.

Sasa hamishia kazi hiyo Kibaha. Makazi mengi ya Kibaha yamejipanga kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, kuanzia Maili Moja kuelekea Mlandizi. Nyumba tano zikivunjwa kandokando ya barabara hiyo, na mbili za mwisho zikiwa zimeachana kilomita 20, duara litakuwa na kilomita za mraba 314. Sehemu kubwa yake itaangukia mashamba na vichaka visivyo na wakazi wengi. Duara limechorwa sawasawa, lakini limesahau kwamba watu hapa hawasafiri pande zote. Wanakwenda na kurudi katika mstari mmoja. Hapo kipimo kinachofaa ni umbali wa barabara, au hata nauli ya daladala.

Pia mwizi huenda hakai Kibaha kabisa. Anaweza kupanda gari Mbezi asubuhi, akafanya kazi yake Maili Moja na kurudi Dar es Salaam kabla ya jua kuzama. Wataalamu humtofautisha mhalifu wa namna hiyo, anayesafiri kwenda mahali pa uhalifu, na yule anayezunguka maskani yake. Taabu ni kwamba nukta zenyewe hazisemi ni yupi kati ya hao wawili. Jambo hilo aghalabu hujulikana baada ya mtu kukamatwa, wakati ambapo duara halihitajiki tena.

Kuna sharti jingine ambalo husahaulika: duara huchukulia kwamba mhalifu ni mmoja. Kati ya miaka 2015 na 2017, katika mkoa huohuo wa Pwani, viongozi wa vijiji na askari waliuawa mmoja baada ya mwingine katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa pamoja huko Kibiti. Matukio ya namna hiyo, yenye washambuliaji wengi na walengwa waliochaguliwa kwa vyeo vyao, hayawezi kutafutiwa maskani kwa kipenyo. Hata katika kesi ya Duffy kasoro hii ilikuwapo. Alikuwa na mshiriki, David Mulcahy, ambaye hakuhukumiwa hadi mwaka 2001.

Sehemu ya ramani, pamoja na udhaifu wake, inaweza kupimwa kwa rula. Sehemu ya tabia ndiyo yenye mashaka zaidi. Wapelelezi wa shirika la FBI la Marekani waliwahi kuwagawa wauaji katika aina mbili, wale wenye mpango na wale wasio na mpango, wakitegemea mahojiano na wafungwa 36 ambao hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Canter na wenzake walipochunguza mauaji 100 mwaka 2004, hawakuziona aina hizo mbili zikijitenga. Dalili za mpango zilikuwapo karibu kila mahali.

Kwa nini basi wasifu wa tabia huwavutia askari? Laurence Alison na wenzake walitoa jibu mwaka 2003. Waliwapa watu wasifu uleule mmoja. Baadhi wakaelezwa habari za mhalifu wa kweli, na wengine za mhalifu wa kubuniwa aliye tofauti naye kabisa. Wengi katika makundi yote mawili waliuona wasifu kuwa sahihi. Mpiga ramli anaijua siri hii tangu zamani: ukisema kwamba mtu ana hasira iliyofichika na hana raha na jamaa zake, kila msikilizaji atapata wa kumvisha kanzu hiyo.

Julai 1992 mwanamke mmoja aliuawa katika bustani ya Wimbledon, London. Polisi walipata wasifu, wakamwona kijana mmoja aliyeonekana kuulingana, wakamtuma askari wa kike ajifanye rafiki yake ili amvute kukiri. Hakukiri kamwe. Septemba 1994 jaji aliukataa ushahidi huo wote na kijana akaachiliwa, baada ya kukaa mahabusu zaidi ya mwaka. Mwaka 2008 vinasaba vilimtia hatiani mtu mwingine, Robert Napper, ambaye mnamo Novemba 1993, wakati kijana yule yumo kizuizini, alikuwa amemwua mama mmoja na binti yake mdogo.