Risala ya dakika sita katika video ya dakika moja

Risala ya mahafali ya kidato cha nne huandikwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Dada mkuu huanza na itifaki, akaeleza historia ya shule, mafanikio na changamoto, kisha akatoa maombi na kumalizia na shukrani. Ukumbini mpangilio huo una kazi yake, kwa sababu mgeni rasmi atayajibu maombi hayo papo hapo. Lakini mzazi anayetazama kwenye simu akiwa mbali anaweza kumaliza dakika nzima akisikiliza itifaki tu.

Tuchukue risala ya dakika sita inayotakiwa kuwa video ya dakika moja. Msomaji asiye na haraka husoma takriban maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo sehemu kubwa lazima itoke. Anza kupunguza kwenye karatasi kabla ya kugusa video, na kwanza tafuta kumbukumbu. Tuseme dada mkuu anasimulia kwamba pampu ya kisima iliharibika wakati wa mitihani, na mpishi akawa anaamka alfajiri kuteka maji ili wanafunzi wasikose uji. Hiyo iwe mwanzo wa video, ipewe nusu dakika. Shukrani zifuate, na wa kwanza awe mpishi, maana mtazamaji ameshajua anashukuriwa kwa lipi. Walimu na wazazi watoshe katika sentensi moja. Orodha ndefu ya wanaoshukuriwa hula muda, na mwishowe hakuna jina linalokumbukwa.

Kosa linalojitokeza sana hapa ni la kisarufi. Ukiondoa sentensi iliyotaja pampu, ukabakiza “iliharibika usiku wa kuamkia mtihani,” mtazamaji hajui ni nini kilichoharibika. Aliyekuwa ukumbini haoni kasoro hiyo kwa kuwa akili yake inajaza pengo. Kwa hiyo mpe video mtu ambaye hakuhudhuria, kisha mwambie akusimulie alichoelewa. Akikwama, rudisha sentensi iliyotolewa, au andika maneno machache chini ya picha.

Unapokata, kata mwisho wa sentensi, pale sauti inaposhuka na msemaji anavuta pumzi. Ukikata baada ya “na” au “lakini,” sikio linabaki likingoja. Mahali picha inaporuka, funika kwa picha ya kisima au ya jiko huku sauti ikiendelea. Ila shukrani zilizotolewa kwa mwalimu mmoja zisihamishiwe kwa mwingine kwa kuunganisha vipande. Huo ni uongo, hata kama kila neno ni la dada mkuu.

Mgeni rasmi hayumo katika video hii, na si utovu wa adabu. Ameshashukuriwa mbele ya hadhara. Rekodi kamili ihifadhiwe shuleni. Na kabla video fupi haijasambazwa, dada mkuu aitazame kwanza na kuiridhia, kwa kuwa maneno ni yake.