Mitego Mitatu ya Buibui: Mfano wa Milimani, Kisumu

Jioni inapoingia katika mtaa wa Milimani, mjini Kisumu, nzi wa ziwani huzizingira taa za baraza kwa maelfu. Asubuhi yake mwenye nyumba huchukua ufagio na kufagia tando zote zilizo pembeni, akiamini kuwa buibui ni mmoja na kazi yake ni moja. Hali sivyo ilivyo. Katika ua mmoja mna buibui wasiopungua aina tatu, na kila aina huwinda kwa njia yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtego wa buibui huamuliwa na mwendo wa windo lake: linaloruka, linalotembea na lililotulia.

Tuanze na hariri yenyewe. Ndani ya tumbo la buibui mna tezi zinazohifadhi protini katika hali ya umajimaji mzito. Protini hiyo hupita katika mrija mrefu unaozidi kuwa mwembamba. Humo maji hunyonywa, asidi huongezeka, na chembe za protini hujipanga upande mmoja hadi umajimaji ukawa uzi mkavu. Uzi hautemwi nje kama mate; buibui huuvuta kwa mguu, au huubandika mahali na kuuvuta kwa uzito wa mwili wake. Kwa kuwa tezi ni za aina mbalimbali, buibui mmoja aweza kutoa uzi mgumu wa kuning'inia, uzi wa kufungia windo, na uzi wa kunasa.

Utando wa duara, ule unaotundikwa karibu na taa, hutumia nyuzi mbili kati ya hizo. Nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni ni ngumu wala hazinati. Juu yake huzungushwa uzi unaonyumbuka, wenye matone madogo ya gundi. Nzi anapougonga, nyuzi ngumu huupokea mshindo, na uzi wa gundi hunyooka badala ya kukatika au kumrudisha alikotoka. Mtego huu unamfaa mdudu mwepesi arukaye asiuone. Hata hivyo, nondo mara nyingi huponyoka, kwani magamba ya mabawa yake hubanduka na kubaki kwenye gundi, naye akaenda zake. Gundi nayo hupungua nguvu kwa vumbi, na ndiyo sababu buibui wengi wa jamii hii huula utando wao na kuufuma upya kila siku.

Tuteremke sasa majanini. Wakati wa umande huonekana shuka jeupe la hariri lililolala juu ya ukoka, lenye tundu mfano wa faneli upande mmoja. Utando huu kwa kawaida hauna gundi. Panzi au siafu akiukanyaga, miguu yake hutatizwa na nyuzi kwa muda mfupi tu. Muda huo humtosha buibui aliye mlangoni mwa tundu, ambaye huusikia mtetemo kwa miguu yake na kutoka mbio. Hapa hariri haimfungi mdudu. Humchelewesha, na kutoa habari zake.

Lakini je, mbu aliyekwisha kushiba damu na kutulia ukutani? Haruki wala hatembei, hivyo utando haumpati. Huyo huwindwa na buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, aliyeelezwa kisayansi mwaka 2003 na Wanda Wesolowska na Robert Jackson. Huishi kandokando ya Ziwa Viktoria, na amechunguzwa sana katika kituo cha ICIPE kilichoko Mbita. Ingawa nzi wa ziwani ni wengi zaidi, yeye humchagua mbu jike aliyebeba damu, akimtambua kwa macho na kwa harufu. Wachanga wake hulenga hasa anofelesi, ambaye hutua akiwa ameinua tumbo. Mtoto wa buibui humzunguka, akaja kwa nyuma, akapita chini ya tumbo hilo na kumkamata. Buibui huyu naye hana budi kutumia hariri, kwani kabla ya kuruka huubandika uzi mmoja ukutani ili akikosea asianguke.

Mbu huyo amekwisha kumuuma mtu. Faida iko wapi? Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu kabla ya kuambukizwa kwa mtu mwingine. Mbu akiliwa leo, safari hiyo hukatika. Hata hivyo, buibui hawezi kuwamaliza mbu wote, na chandarua hakina mbadala wake hapa. Basi ufagio ufagie tando zilizojaa vumbi, ila kabuibui kanakotembea ukutani bila utando kaachwe kaendelee na kazi yake.