Jinsi ya kuunganisha picha za skrini za miamala kuwa orodha moja bila kuacha wala kurudia mstari

Vikundi vingi vya akiba katika makazi ya Mantapala, Kashikishi na vijiji vya Puta kando ya ziwa Mweru hupokea michango kwa simu. Fedha huingia kwenye akaunti ya mweka hazina, na siku ya kugawana wanachama hutaka kuona nani alituma, lini na kiasi gani. Kwa baadhi yao siku hiyo huweza kuja Novemba, kabla uvuvi haujafungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari.

Programu ya simu huonyesha miamala hiyo, lakini skrini hubeba mistari saba au minane tu kwa mara moja. Mweka hazina hulazimika kupiga picha ya skrini, kusogeza orodha, kupiga nyingine, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kisha picha hizo zinatakiwa ziwe orodha moja. Hapo ndipo mama aliyelipa huonekana hakulipa, au kwacha 50 za mtu mmoja huhesabiwa mara mbili. Makala hii inaeleza namna ya kuzuia yote mawili.

Kabla ya kupiga picha

Fungua orodha ya miamala na uisogeze taratibu hadi chini kabisa, bila kupiga picha yoyote. Programu nyingi hazipakii orodha nzima kwa mara moja. Hupakia kipande, kisha huongeza kingine unapokaribia chini. Mtandao ukiwa dhaifu, unaweza kudhani umefika mwisho kumbe kipande kinachofuata hakijaja. Umefika mwisho pale unapouona muamala wa kwanza wa mzunguko wenu. Sasa rudi juu uanze.

Piga picha zote kwa mkao mmoja na siku moja. Programu nyingine haziandiki tarehe kwa miamala ya karibuni, huandika `Today` au `Yesterday`, yaani leo au jana. Ukipiga nusu ya picha Jumamosi usiku na nusu Jumapili asubuhi, muamala uleule utaonekana wa leo katika picha moja na wa jana katika nyingine.

Chagua pia saa ambayo watu hawatumi fedha. Katika orodha inayoanza na muamala mpya juu, kila fedha inayoingia husukuma mistari yote chini. Ikiingia katikati ya kazi yako, picha inayofuata itarudia mstari mmoja zaidi ya ulivyotarajia.

Acha mistari miwili ijirudie kwa makusudi

Watu wengi husogeza orodha ili picha mpya ianze pale ya zamani ilipoishia. Hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu mstari ukiruka kati ya picha mbili hakuna alama yoyote itakayokuonyesha kuwa umeruka. Fanya kinyume chake: mistari miwili ya mwisho ya picha ya kwanza ionekane tena juu ya picha ya pili. Mistari hiyo ndiyo mshono wako. Ukiiona pande zote mbili, una hakika hakuna kilichopotea katikati. Usipoiona, rudi upige tena.

Mstari unaohesabika ni ule unaoonekana wote. Juu ya skrini kuna kichwa cha programu, na chini kuna vitufe, na vyote viwili hufunika nusu ya mstari. Mstari uliokatwa usiuandike kutoka picha hiyo, subiri uuone mzima katika picha nyingine.

Sogeza kwa kuweka kidole na kukivuta polepole, kisha kiache kitulie kabla ya kukiinua. Ukikirusha kidole haraka, orodha itakimbia mbali kuliko unavyotaka.

Simu nyingi za Androidi zina picha ndefu ya skrini, ambayo husogeza na kuunganisha yenyewe. Inasaidia, lakini simu hulinganisha sura ya picha, haisomi maana. Katika orodha yenye mistari inayofanana, kama michango ya kwacha 50 iliyofuatana, inaweza kuunganisha mahali pasipo sahihi. Ukiitumia, fanya ukaguzi ule ule ulioelezwa hapa chini.

Mfano: picha tano, mistari 29

Tuchukue kikundi cha mfano. Mzunguko ulianza akaunti ikiwa na kwacha 140. Leo salio ni kwacha 725. Skrini huonyesha mistari minane mizima, na mweka hazina amepiga picha tano kuanzia muamala mpya kwenda wa zamani.

Picha ya kwanza ina mstari wa 1 hadi wa 8. Ya pili ina wa 7 hadi wa 14, ya tatu wa 13 hadi wa 20, ya nne wa 19 hadi wa 26. Kila mshono una mistari miwili. Lakini picha ya tano ina mstari wa 22 hadi wa 29. Orodha ilikuwa imefika mwisho, haikuweza kusogea zaidi, kwa hiyo mshono wa mwisho una mistari mitano badala ya miwili.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wamezoea kufuta mistari miwili kila mshono, hivyo hufuta miwili hapa pia, na mitatu hubaki ikiwa imeandikwa mara mbili. Orodha yao huwa na mistari 32. Kama mitatu hiyo ni michango ya kwacha 50, hesabu hupanda kwa kwacha 150 ambazo hazipo kwenye simu. Kwa hiyo usihesabu mshono kwa mazoea. Tafuta mstari wa mwisho ulioandika tayari, na uanze kuandika chini yake.

Usilinganishe kwa jina na kiasi

Katika mfano wetu, mstari wa 16 na wa 17 vinafanana karibu kila kitu. Vyote ni kwacha 50, vimetoka namba moja ya simu, na vyote vinaonyesha 10:42. Mtu mwenye haraka atasema huu umejirudia, afute mmoja. Lakini mwanachama huyo alituma mchango wake, kisha akatuma wa dada yake asiye na simu. Ukifuta mmoja, dada huyo amekosa mchango wake kwenye daftari.

Kinachotofautisha muamala na muamala ni namba yake. Bonyeza mstari, na programu nyingi zitakuonyesha namba hiyo kama haikuandikwa kwenye orodha. Hapa mstari wa 16 unaishia na 3325, na wa 17 unaishia na 3318. Namba mbili, miamala miwili. Namba ikiwa moja katika picha mbili, huo ni mstari mmoja uliopigwa picha mara mbili.

Salio nalo linasema vilevile. Baada ya muamala wa 3318 salio lilikuwa 480, na baada ya 3325 lilikuwa 530. Mstari uliojirudia kweli hubeba salio lilelile. Kama programu yako haionyeshi salio katika kila mstari, litafute kwenye ujumbe mfupi wa uthibitisho ulioingia siku ile. Mweka hazina asifute ujumbe huo kabla ya siku ya kugawana.

Kagua kwa salio, mstari kwa mstari

Sasa jumlisha. Kati ya mistari 29, michango ni 24 ya kwacha 50, yaani kwacha 1,200. Mistari mitano iliyobaki ni fedha zilizotoka, jumla kwacha 615 pamoja na makato. Anza na 140, ongeza 1,200, toa 615. Unapata 725, sawa na salio la leo. Kama yule dada angefutwa, ungepata 675, na pengo la kwacha 50 lingekuambia utafute mchango mmoja.

Usisahau makato kwa fedha zinazotoka. Mbali na ada ya kampuni, tangu Januari 2024 Zambia hutoza ushuru mdogo wa serikali mtu anapomtumia mwenzake fedha kwa simu. Makato hayo huenda yakawa na mstari wake, au yakawa ndani ya muamala wenyewe.

Jumla peke yake haitoshi. Ukiacha mchango mmoja wa kwacha 50 na kurudia mwingine wa kwacha 50, jumla itakuwa 725 ileile, lakini mmoja ataonekana amelipa mara mbili na mwenzake hajalipa. Kwa hiyo panga orodha kuanzia muamala wa zamani, kisha kagua kila mstari: salio la nyuma, ongeza kilichoingia au toa kilichotoka, lazima upate salio la mstari huo. Mahali mnyororo unapokatika ndipo penye kosa.

Daftari na kalamu vinatosha. Mwenye jedwali la kompyuta au simu aweke namba ya muamala katika safu A, kiasi katika safu D (kilichotoka pamoja na makato kiwe na alama ya kutoa), na salio katika safu E, data ikianzia mstari wa 2. Fomula ya kwanza huandikwa F2, ya pili G3, kisha huvutwa chini:

```
=COUNTIF(A:A,A2)
=E2+D3-E3
```

Ya kwanza ikitoa zaidi ya 1, namba hiyo imeandikwa zaidi ya mara moja. Ya pili ikitoa kitu kisicho 0, kuna mstari uliokosekana, uliozidi au ulioandikwa vibaya hapo.

Kutuma na kuhifadhi

Ukituma picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida, hupunguzwa ubora, na picha ndefu huweza kutosomeka. Zitume kama hati. Zipange kwa jina la faili, ambalo kwenye simu nyingi hubeba tarehe na saa ya kupigwa, ili mshono usivurugike.

Kumbuka kuwa picha hizo zina majina, namba za simu na salio la watu. Waonyeshe wanachama na mkaguzi wa kikundi, msiziweke kwenye kundi la watu wengi. Programu nyingine huzuia kabisa picha za skrini. Hapo andika kwa mkono, mmoja akisoma namba ya muamala na mwingine akiandika, kwa utaratibu uleule wa mshono na salio.

Orodha hii ni ya kikundi kuelewana. Mgogoro ukifika mbele ya uongozi au polisi, omba kampuni ya simu ikupe taarifa rasmi ya miamala, kisha uilinganishe na orodha yako kwa namba za miamala.