Kapeti Imelowa, Dari Kavu: Anza Kutafuta Juu

Mvua imenyesha usiku. Asubuhi kapeti ya upande wa abiria imelowa chapachapa, lakini dari ni kavu na vioo vyote vilifungwa. Wengi hushuku mlango au kioo cha mbele. Kama gari lina sanrufu, anza huko.

Mpira unaozunguka kioo cha sanrufu haukutengenezwa kuzuia maji yote. Yanayopenya huangukia kwenye mfereji uliofichwa kuzunguka tundu la paa. Kwa kawaida pembe za mfereji huo zina vitundu, na kila kitundu kina mrija mwembamba. Mirija ya mbele hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele na kutokea karibu na bawaba za mlango au nyuma ya madigadi. Ya nyuma hushuka hadi karibu na bampa. Ndiyo maana sanrufu nzima kabisa nayo huingiza maji kila mvua, ila huyatoa nje kabla hujayaona.

Shida huanza vumbi na majani ya mti unaoegesha chini yake yanapogeuka tope ndani ya mrija. Maji hujaa mfereji, kisha humwagikia upande ambao gari limeinamia. Ukiegesha mteremkoni, pua ikiwa chini, yatashukia mbele, kwenye miguu.

Kupima ni rahisi. Fungua sanrufu, mimina maji nusu glasi taratibu kwenye pembe moja ya mfereji, na mwenzako achungulie chini ya gari. Yakidondoka upande uleule baada ya muda mfupi, mrija ni mzima. Yakituama, umeziba. Yakipotea bila kutokea chini, hapo ndipo pa kuangalia sana: mrija umechomoka au umepasuka ndani ya nguzo, na maji yanateremka kimyakimya hadi chini ya kapeti huku dari ikibaki kavu.

Mrija ulioziba zibua kwa uzi mnene wa nailoni, kama ule wa mashine ya kukatia nyasi, ukiusukuma polepole. Waya mgumu huutoboa, na upepo mkali wa kompresa huweza kuuchomoa kwenye kiungo chake. Nao mpira wa kioo upime kwa kipande cha karatasi: funga kioo juu yake, kisha vuta. Karatasi ikitoka bila kushikwa, mpira umebonyea au kioo hakijakaa sawasawa.

Kama kapeti hulowa siku za jua ukiwasha kiyoyozi, waacha sanrufu. Chunguza bomba la kutolea maji ya kiyoyozi.

Ukishatengeneza, nyanyua kapeti ukaushe sponji iliyo chini yake, kwani hapo hupita nyaya na viungio vinavyoshika kutu. Na fundi akitaka kuziba kingo zote kwa silikoni, mkatalie mpaka kila pembe imiminiwe maji mbele yako.