Kabla ya Kusema "Nipunguzie": Hesabu ya Gari Lililotumika

Wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika huanza na bei ya muuzaji, kisha huorodhesha kila kasoro waliyoiona na kuomba wapunguziwe. Njia hiyo ina tatizo. Bei ya muuzaji ni matumaini yake tu, na ukikatia humo unaweza kupunguziwa milioni nzima na bado ukalipa zaidi ya thamani ya gari. Msingi wa hesabu uwe bei ya gari zima la aina hiyo sokoni. Kasoro hukatwa baada ya hapo.

Tuchukue mfano wa Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya sisi 1,300, iliyopo Dar es Salaam. Tangazo linasema milioni 11.5, maongezi yapo. Namba zote za mfano huu ni za kukuonyesha hesabu; za kwako utazipata sokoni wiki unayonunua.

Tafuta matangazo ya IST nyingine za mwaka unaokaribiana, injini ileile, na zilizosajiliwa nchini kipindi kimoja. Herufi za namba ya gari zitakusaidia: yenye herufi zinazoanza na E imesajiliwa baada ya ile ya D, kwa hiyo haijakaa sana kwenye barabara zetu, na usiziweke kapu moja. Tuseme umebaki na tatu zinazofanana, za milioni 10.2, 10.5 na 10.8. Hizo bado ni bei za kuombwa. Wapigie wenyewe, uliza hali ya gari, kisha uliza bei ya mwisho. Wakikutajia 9.9, 10.1 na 10.3, ile ya katikati, milioni 10.1, ndiyo bei ya IST isiyo na tatizo kubwa.

Sasa nenda ukalione gari, ukiwa na fundi wako. Mwombe muuzaji mapema asiliwashe kabla hujafika, maana injini ya baridi haifichi moshi wala milio. Geuza ufunguo bila kuwasha: taa ya injini kwenye dashibodi lazima iwake, kisha izimike injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameiondoa ili kuficha hitilafu. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho zinazofuata herufi DOT. 1817 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2017.

Tuseme fundi amekuta shokapu mbili za mbele zinavuja, kompresa ya kiyoyozi imekufa, na tairi zote nne zimeisha. Kabla ya kuzungumza bei, ulizia dukani gharama ya vipuri, uongeze na ufundi. Shokapu 250,000, kompresa pamoja na gesi 400,000, tairi 520,000. Shokapu na kompresa unakata zote. Tairi unakata nusu, 260,000, kwa sababu hata zile IST tatu za kulinganisha hazina tairi mpya. Uchakavu wa kawaida umo tayari ndani ya bei yao. Jumla ni 910,000. Ukiitoa kwenye milioni 10.1 unabaki na takriban milioni 9.2, na hicho ndicho kikomo chako. Anza na 8.8 ili mpate nafasi ya kusogea.

Mbele ya muuzaji, onyesha badala ya kulaumu: "Kaka, inama kidogo uone oili kwenye shokapu hii. Dukani wameniambia bei ni hii." Kisha mwonyeshe yale matangazo matatu. Akisema atatengeneza mwenyewe, ni vizuri zaidi kuomba punguzo, kwani anayeuza hana sababu ya kununua kipuri kizuri. Faini za barabarani zinazodaiwa kwenye namba ya gari azilipe kabla, au zikatwe shilingi kwa shilingi.

Kuna kasoro zisizofaa kujadiliwa bei. Ukiweka gia ya D na gari likakawia au kushtuka kabla ya kuvuta, au likitoa moshi wa bluu, au ukiona chasisi imechomelewa, hakuna fundi atakayekutajia gharama kamili kabla ya kufungua, na chasisi haiwezi kurudi ilivyokuwa. Punguzo la nusu milioni halikukingi hapo. Achana nalo.

Kinyume chake pia ni kweli. Kama IST hiyohiyo imetangazwa milioni 9.3 na muuzaji amekutajia shokapu, kiyoyozi na tairi tangu kwenye simu, kasoro hizo ameshazikata mwenyewe. Ukimtaka akate tena 910,000, atamuuzia anayefuata, na wewe utakuwa umelikosa gari lenye bei ya haki.